Viatu, pochi na mkanda: kupatana bila kuwa sare

"Shikamoo dada. Nimehamishiwa Dodoma, kazini kwangu ni Mtumba. Nina seti ya damu ya mzee niliyonunua Kariakoo: skuna, pochi na mkanda, vyote vinang'aa. Nikiivaa wenzangu wananitania kuwa nimekuwa mhudumu wa ndege. Nikijaribu kuchanganya rangi, naonekana kama nimevaa umeme ukiwa umekatika. Vingine nilivyo navyo ni simpo nyeusi, pochi nyeusi ya zamani na mkanda wa kahawia wa mtumba. Nguo zangu nyingi ni bluu iliyokoza, kijivu na vitenge. Kwa sasa naweza kununua kitu kimoja tu. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na karibu Dodoma.

Seti yako usiitupe wala usimgawie mtu. Kinachowachekesha wenzako si damu ya mzee. Ni kwamba vitu vitatu vimekubaliana kila jambo kwa wakati mmoja: rangi ileile, mng'ao uleule, na bila shaka hata bakoli ya mkanda na vishikizo vya pochi ni dhahabu ileile. Jicho likikuta kitu kilekile mguuni, kiunoni na mkononi, linaruka kutoka kimoja hadi kingine na kuisahau nguo, pamoja na aliyeivaa. Ulaya na Marekani miaka ya 1950 huo ndio uliokuwa unadhifu wenyewe. Mwanamke alitarajiwa glavu, pochi na viatu vyake viwe rangi moja. Siku hizi mtindo huo umebaki zaidi kwenye sare za kazi, kwa hiyo utani wa wenzako una shabaha nzuri kuliko wanavyojua.

Lakini tatizo lako la pili, lile la kuonekana umevaa gizani, ndilo linalostahili maelezo marefu, kwa sababu ndilo linalowarudisha wengi kwenye seti. Mtu akichanganya rangi akaharibu, mara nyingi si kwa sababu rangi zimetofautiana sana. Ni kwa sababu zimekaribiana mno. Pochi ya damu ya mzee na mkanda wa kahawia yenye wekundu: anayekutazama hawezi kujua kama ulitaka vifanane ukashindwa, au ulitaka viachane ukaogopa. Hapo ndipo inapotoka ile hisia ya nguo zilizookotwa kitandani alfajiri. Vinavyofanana kabisa vinaeleweka. Vinavyoachana wazi navyo vinaeleweka. Vinavyokaribia kufanana ndivyo vinavyoonekana kosa. Unachotafuta ni vitu vinavyoonekana ndugu wa mama mmoja, si mapacha, wala si watu wanaodhaniwa ndugu kimakosa.

Ili ufike hapo, acha kutazama jina la rangi peke yake. Kila rangi ina mambo mawili ya kutazama: ni rangi gani, yaani nyekundu, bluu, kahawia au nyeusi; na imekoza kiasi gani, yaani iko upande wa giza au upande wa mwanga. Kanuni ninayowapa wateja wangu ni hii: katika mambo hayo mawili, moja lifanane, jingine liachane. Ukichukua kahawia na kahawia, basi moja iwe nzito kama kahawa kavu na nyingine iwe nyepesi kama asali, na tofauti ionekane kutoka upande wa pili wa barabara. Ukichukua rangi mbili tofauti, mfano bluu na damu ya mzee, zikutane kwenye kukoza, zote ziwe za giza, zitatulia zenyewe. Kinachokwama ni rangi zinazokaribiana kwenye yote mawili bila kufikiana.

Kukoza kwa rangi ni kugumu kukupima kwa macho, kwa sababu rangi kali hulidanganya jicho. Nyekundu ya moto hudhaniwa ni nyepesi kumbe ina giza la kutosha. Njia rahisi ni simu yako. Simama mlangoni mahali penye mwanga wa mchana, weka viatu, pochi na mkanda juu ya nguo unayotaka kuvaa, piga picha moja, halafu ingia sehemu ya kuhariri na uishushe rangi mpaka picha ibaki nyeusi na nyeupe. Sasa majina ya rangi yamepotea na kukoza kumebaki peke yake. Ukiona vitu viwili vimekuwa kijivu kimoja na cha tatu kimejitenga, uko pazuri. Ukiona vitatu vyote vimekuwa kijivu kimoja, rudi kwenye picha ya rangi uangalie: kama na rangi zake zinafanana, hiyo ni sare, kama rangi zinaachana, ni mavazi yaliyotulia tu, ingawa yanaweza kupooza. Ukiona vijivu vitatu vya kupanda ngazi kidogokidogo, hapo ndipo penye matatizo, badilisha kimoja. Kipimo hiki kina mpaka wake: simu huwa inarekebisha picha yenyewe, kwa hiyo usiitumie kuamua kama kahawia mbili zinafanana. Hilo liamuliwe kwa macho, juani.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalifikirii, na ambalo litakuondolea nusu ya wasiwasi. Vitu hivi vitatu haviko umbali mmoja. Pochi ya begani au ya mkononi hukaa nyongani, karibu kabisa na mkanda. Mara nyingi vinagusana. Viatu viko chini, hatua nzima mbali nao, na katikati kuna sketi au suruali. Jicho ni hodari sana kulinganisha rangi zilizogusana na ni dhaifu kulinganisha zilizo mbalimbali. Ndiyo maana tofauti ndogo kati ya mkanda na pochi inaonekana mara moja, wakati tofauti hiyohiyo kati ya pochi na kiatu hupita bila mtu kuiona. Watu wengi huanza na kiatu na mkanda kwa sababu ya ile kanuni ya wanaume wa suti, kwamba mkanda ufuate kiatu. Kwako wewe unayebeba pochi, anza na mkanda na pochi. Hao ndio majirani. Wakielewana au wakiachana wazi, kiatu kina uhuru mkubwa.

Na kuhusu mkanda wenyewe, niseme wazi: kwa mavazi mengi ya ofisini ni bora uuhesabu kuwa sehemu ya nguo, usiuhesabu kwenye kundi la viatu na pochi. Mkanda wa rangi ya nguo hupotea, na ukishapotea unabaki na vitu viwili tu vya kupanga. Pia mkanda wa rangi inayopingana na nguo hukata mwili vipande viwili. Aliye mfupi au mwenye kiwiliwili kifupi huonekana mfupi zaidi, hasa mkanda ukiwa mpana. Gauni lako la bluu, mpelekee fundi cherehani akutolee mkanda mwembamba wa kitambaa kilekile, wa upana wa sentimita mbili hivi. Kama alibakiwa na kipande hutalipia kitambaa. Kama hakubakiwa, apunguze kidogo upindo wa chini. Mkanda wa ngozi unaoonekana uuhifadhi kwa suruali yenye vitanzi na kwa siku ambazo kweli unataka kiuno kizungumze.

Tuje kwenye damu ya mzee, maana rangi hii ina tabia yake. Nje juani ni nyekundu, tena Dodoma jua letu halina simile. Ukiingia ofisini chini ya taa nyeupe za tyubu, ambazo nyingi mwanga wake una wekundu mdogo, inazama na kuwa karibu nyeusi. Yaani unavaa rangi mbili kwa siku moja. Kwa hiyo mkanda wa damu ya mzee ukikaa jirani na pochi nyeusi, ofisini utaonekana mweusi uliofifia, nje utaonekana mwekundu, na kote utakuwa umekaribia bila kufika. Lakini skuna za damu ya mzee chini na pochi nyeusi juu hazina ubaya, kwa sababu ziko mbali na zinakutana kwenye giza. Unaona jinsi rangi mbili zilezile zinavyokubalika au kukataliwa kwa sababu tu ya mahali zilipokaa.

Kuna na vumbi. Umehamia mji ambao kuanzia mvua zinapokatika, mwezi wa tano hivi, mpaka zinaporudi mwishoni mwa mwaka, ardhi ni kavu na upepo haupumziki, hasa kuanzia Julai. Kiatu cheusi kinachotoka nyumbani saa 12 asubuhi kikipitia daladala na njia ya miguu kinafika kazini kikiwa na utando wa kahawia iliyopauka. Ile nyeusi kwa nyeusi uliyoipanga kwenye kioo imeshaharibika kabla hujasaini kitabu. Pochi yenyewe imebaki nyeusi kwa sababu ilikuwa mapajani. Ndiyo maana hapa simshauri mtu ategemee kulinganisha kwa usahihi; mji wenyewe hautakuruhusu. Kitu kinachong'aa kama skuna zako kina faida hapo, kitambaa chenye unyevu kidogo kinamaliza kazi. Swedi iache kabisa kwa viatu vya kazini, vumbi linaingia kwenye nyuzi na kiatu kinabadilika rangi jumla. Unaweza kuvaa swedi kwenye pochi, kama moyo wako unaipenda sana.

Hata bila vumbi, seti haikai seti milele. Pochi hupauka kwenye mpini na upande unaoelekea jua, viatu vinakunjika na kupigwa kiwi, mkanda unapasuka kwenye tundu unalolitumia. Baada ya mwaka mmoja au miwili una vitu vitatu vilivyokuwa rangi moja, na sasa vimekaribiana tu. Naamini pochi yako nyeusi ya zamani iko hapo tayari. Iweke kando ya simpo nyeusi mchana kweupe. Kama pochi imeelekea kijivu au kahawia na simpo bado ni nyeusi ya kweli, usizivae pamoja ukidhani umelinganisha. Fundi viatu mzuri anaweza kuipiga rangi kama ni ngozi; kama ni ngozi bandia iliyoanza kubanduka, rangi haitashika, ifanye ya sokoni.

Basi, kitu kimoja cha kununua. Nunua pochi, na iwe kahawia ya asali.

Nakueleza kwa nini pochi na si viatu. Wewe kama wengine wengi wa Mtumba, nina hakika unapanda daladala na simpo, ukifika unabadilisha skuna. Kiatu kinabadilika mara mbili kwa siku, pochi ni ileile kutoka asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo pochi inatakiwa ielewane na viatu vyote viwili, na njia salama ni isifanane na chochote kati yao. Nyeusi ingeshikana na simpo na kukurudisha kwenye tatizo la vumbi. Damu ya mzee unayo. Krimu ni nzuri kwa macho, lakini kwa daladala zetu na vumbi hili utaisafisha kila jioni mpaka uichukie. Kahawia ya asali iko mbali na nyeusi, iko mbali na damu ya mzee, na bado ina ujoto unaoiunganisha na wekundu wa skuna zako. Vumbi la Dodoma likikaa juu yake halionekani haraka, maana zina ukoo mmoja.

Iwe haing'ai. Seti yako ina mng'ao wa kutosha, na tofauti ya mng'ao ni njia mojawapo ya kuvunja usare bila hata kugusa rangi. Iwe na ukubwa wa kuingiza karatasi ya A4 ikiwa imesimama, na chini pabaki nafasi ya skuna ndani ya mfuko wa kitambaa. Vyuma vyake viwe vya dhahabu kama bakoli ya mkanda wako, kwa sababu ile ile ya ujirani: cheni ya pochi na bakoli ya mkanda zinaonana uso kwa uso. Kijichuma cha kwenye kiatu usikihangaikie. Ukipenda pochi na vyuma vyake ni vya fedha, fundi viatu anaweza kukubadilishia bakoli ya mkanda kwa dakika chache, ni rahisi kuliko kubadilisha vyuma vya pochi.

Sasa tuvae.

Siku ya gauni la bluu iliyokoza. Mkanda ni ule wa kitambaa chake chenyewe, kwa hiyo haupo kwenye hesabu. Vaa skuna za damu ya mzee. Bluu ile na damu ya mzee ni rangi mbili zisizohusiana lakini zote ni za giza, ukipiga ile picha ya simu utaona gauni na kiatu vimekuwa karibu kijivu kimoja. Pochi ya asali inajitenga peke yake juu. Kitu pekee kinachobaki ni kwamba wekundu wa kiatu uko mpweke huko chini. Uitikie juu kwa kitu kidogo: rangi ya mdomo yenye wekundu wa giza, au hereni, au mstari kwenye kitambaa cha shingoni. Kidogo. Ukiuitikia kwa mkufu mkubwa, hereni na bangili, umejenga seti nyingine bila kujua.

Siku ya kijivu, tuseme suti ya suruali yenye vitanzi vya mkanda na blauzi ya krimu. Hapa toa mkanda wa damu ya mzee, na viatu viwe simpo nyeusi. Najua unashtuka: mkanda mwekundu, kiatu cheusi, pochi ya asali, rangi tatu! Zitazame tena. Mkanda na kiatu vinakutana kwenye giza na viko mbalimbali, hakuna atakayevilinganisha. Mkanda na pochi ni majirani, lakini wameachana wazi kwa rangi na kwa kukoza. Koti likiwa limefunguliwa, mkanda unaonekana kipande kifupi tu mbele, na hicho ndicho kinachoipa suti ya kijivu uhai. Ukifunga koti hauonekani kabisa. Kama suti yako ni ya sketi isiyo na vitanzi, usilazimishe mkanda. Vaa skuna za damu ya mzee na pochi ya asali, basi.

Vitenge vinataka mkono mwingine, kwa sababu kitenge kinakuja na rangi zake zimeshapangwa. Kosa la kawaida ni kuchukua rangi iliyotawala kitenge, ile ya usuli, na kuitafutia viatu na pochi. Kitenge cha kijani, viatu vya kijani, pochi ya kijani: ni vigumu kupata kijani kilekile, kwa hiyo unarudi kwenye kukaribia bila kufika, na hata ukikipata umezama kwenye kijani. Chukua rangi iliyo chache zaidi kwenye kitenge, ile ya vidoa au mistari myembamba, uipe kiatu. Kama kwenye kitenge chako cha kijani na haradali kuna mstari mwembamba wa wekundu wa giza, skuna zako zimepata kwao. Kama hakuna wekundu wowote, angalia michoro: vitenge vingi vina mistari ya giza inayozungushia maua, nyeusi au bluu nzito, na simpo nyeusi zinajibu hapo bila kelele. Pochi ya asali inabaki kimya pembeni, na ndiyo kazi yake. Mkanda wa kitenge ni kitenge kilekile, fundi atakutolea. Mkanda wa ngozi juu ya kitenge chenye maua makubwa unakatiza mchoro na mara nyingi unaonekana umeongezwa baadaye.

Mkanda wa kahawia wa mtumba tumeusahau. Ulaze juu ya pochi mpya, karibu na dirisha. Kama mkanda ni mzito kama kahawa, umepata ndugu mkubwa wa pochi hiyo, vitumie pamoja kwenye suruali. Kama mkanda nao uko karibu na asali lakini una uchungwa au umanjano kidogo, usivikutanishe hata siku moja. Huo mkanda uvae siku unayobeba pochi ya damu ya mzee, ambapo tofauti haina utata. Na pochi hiyo ya damu ya mzee inafaa zaidi ikiwa peke yake: gauni jeusi, viatu vyeusi, hakuna mkanda, na pochi inayong'aa mkononi. Hapo inaonekana umeichagua. Ikiwa na wenzake wawili inaonekana imekuja na boksi lake.

Kwa kuwa vitu vyako vinang'aa, neno moja la kuvitunza. Ngozi ya kung'aa, iwe ya kweli au bandia, hunyonya rangi ya kitu kinachoegemea. Ukiiweka pochi kabatini ikiegemea gazeti au viatu vyeusi, na joto la mwezi wa kumi na kumi na moja, utakuta alama isiyofutika. Izungushie kitambaa cheupe cha pamba, na skuna uzitenganishe zisigusane.

Na siku ya kuvaa vyote vitatu ipo. Sendofu, kichenipati, harusi ambayo kamati imetangaza rangi: kule kulingana ndiyo heshima ya shughuli, watu wamekuja kupendeza kwa pamoja, na seti kamili ya damu ya mzee yenye mng'ao iko mahali pake. Hata hapo mimi ningeacha mkanda nyumbani kama gauni limeshonwa likakaa kiunoni, lakini hilo ni la kwangu, usinifuate kama hutaki.

Kwenye kununua, usikariri rangi kichwani. Hakuna mtu anayeweza kukumbuka kukoza kwa rangi kutoka kabatini mpaka sokoni. Beba skuna moja na mkanda wa damu ya mzee ndani ya mfuko wa kitambaa, uende asubuhi kabla jua halijawa kali. Anza Majengo au soko la wazi la Machinga. Kama unapenda mtumba na una subira ya kuchambua, Sabasaba unaweza kupata pochi ya ngozi halisi kwa bei ya ngozi bandia mpya. Kitu kimoja ukiwe nacho macho: meza nyingi zimefunikwa kwa maturubai. Chini ya turubai la bluu, kahawia ya asali inaonekana imepoa na kukaribia kijivu. Chini ya la chungwa, hata kahawia iliyokufa inaonekana asali. Omba kuitoa pochi nje, simama juani, iweke ubavuni mwa skuna, kisha iguse na mkanda. Angalia kwanza kama inaachana wazi na vyote viwili. Halafu igeuze uangalie chini na kwenye mpini, maana pochi iliyoning'inia dukani muda mrefu huwa imepauka upande mmoja. Muuzaji akikataa usiitoe nje ya turubai, mrudishie pochi yake kwa upole, uende meza inayofuata.